Jamila na Herufi Alizozitunga

Jamila ana miaka sita, yuko darasa la kwanza katika shule moja ya Tanga, na jioni hii amekalia mkeka barazani na daftari lake la mwandiko. Ukurasa mzima ni herufi J, mistari minane, kila herufi imechorwa kwa vitone ili mtoto apitishe penseli juu yake. Jamila anapitisha. Kitone hadi kitone, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, na J zake zinatoka safi kama za kitabuni. Mstari wa mwisho hauna vitone. Hapo mtoto anatakiwa aandike mwenyewe. Jamila anaandika J tano, na zote tano zimegeuka, ndoano imeelekea kulia badala ya kushoto.

Jamila ni mtoto wa hadithi, na hadithi yake ni fupi: anafuatisha vitone, kisha anaanza kutunga herufi zake mwenyewe. Lakini karibu kila linalompata kwenye daftari lile huwapata watoto wa kweli, na wapo watu waliotumia miaka mingi kulichunguza. Kwa hiyo nitaisimulia hatua kwa hatua, na kila hatua nitaeleza kinachotokea mkononi na kichwani mwa mtoto.

Tuanze na zile J zilizogeuka, kwa sababu ndizo zinazowatia wazazi hofu. Ubongo wa mtoto mdogo umezoea kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa. Kikombe ni kikombe, kishikio kikiwa kushoto au kulia. Herufi ndiyo kitu cha kwanza maishani mwake kinachokataa sheria hiyo: geuza b unapata d, pindua b kichwa chini miguu juu unapata p. Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano au sita akiandika kinyumenyume, macho yake hayana kasoro. Bado anatumia sheria iliyomfaa kwa vitu vingine vyote. Tena hakosei ovyo. Mtafiti Mfaransa Jean-Paul Fischer alionyesha kwamba watoto hugeuza zaidi zile alama zinazotazama kushoto, kama J, Z na tarakimu 3, kuliko zile zinazotazama kulia, kama B, E na F. Herufi nyingi za Kilatini zinatazama kulia, na mtoto ameshalitambua hilo bila kufundishwa na mtu. Akiisahau sura ya J, anaipa mwelekeo wa walio wengi. Ndiyo maana Jamila, Juma na Zuhura hugeuza herufi ya kwanza ya majina yao, huku Bakari akiwa salama.

Swali gumu zaidi ni kwa nini mistari saba ya vitone haikumsaidia. Jibu liko katika kazi yenyewe ya kufuatisha. Mtoto anapofuata vitone, jicho lake linatafuta kitone kinachofuata tu. Halazimiki kuikumbuka J nzima, wala kuamua ianzie wapi na igeukie wapi, kwa kuwa aliyechapa daftari ameshamwamulia. Unaweza kuliona hili ukikaa kando ya mtoto wakati anaandika. Chukua herufi ndogo a. Mkono uliofundishwa huanzia juu upande wa kulia, huzunguka kuelekea kushoto na chini, hupanda hadi pale ulipoanzia, kisha hushuka na kuacha kimkia. Mtoto anayefuata vitone anaweza kuanzia kwenye kimkia akapanda, akaruka katikati, akamalizia na duara lililozungushwa kinyume. Ukurasa ukikamilika, a yake inafanana kabisa na ya jirani yake aliyeandika sawasawa. Mwalimu anayekusanya madaftari sitini na kuyasahihisha mezani hawezi kuliona kosa hilo, kwa sababu liko katika mwendo wa mkono, na mwendo hauachi alama kwenye karatasi.

Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwachukua watoto wa umri wa miaka mitano ambao bado hawajui kusoma, wakawafanyisha mazoezi ya herufi kwa njia tatu: kuziandika wenyewe kwa mkono, kuzifuatisha, na kuzibonyeza kwenye kibodi. Kisha wakawaonyesha herufi hizo huku mashine ikipiga picha za ubongo. Sehemu za ubongo ambazo mtu mzima huzitumia kusoma ziliamka kwa herufi ambazo mtoto alikuwa ameziandika mwenyewe. Kwa zile alizozifuatisha au kuzibonyeza, haikuwa hivyo. Watoto waliopimwa walikuwa wachache, kwa hiyo utafiti huo mmoja usichukuliwe kuwa neno la mwisho. Lakini maelezo ya James yanaeleweka. Mtoto anayeandika mwenyewe hutoa a mbovu za kila namna: moja imelala, nyingine imenenepa, nyingine mkia umezidi. Kwa kuziona zote na kuambiwa kwamba zote ni a, anajifunza kipi katika umbo lile ni lazima kiwepo na kipi kinaweza kubadilika bila madhara. Vitone humpa a ileile moja, nzuri, mara arobaini.

Sisemi vitone vitupwe. Kwa mtoto ambaye hajawahi kushika penseli, vinamfundisha kukaza vidole, kutulia kwenye mstari na kukadiria ukubwa. Lakini hiyo ni kazi ya siku chache kwa kila herufi, tena mtu mzima akiwa karibu kuutazama mkono unapoanzia. Ukurasa mzima wa vitone, wiki baada ya wiki, unakuwa kazi ya kumtuliza mtoto kuliko ya kumfundisha.

Turudi barazani. Mistari imekwisha, na Jamila hataki kuinuka. Anafungua jalada la nyuma la daftari, ambalo ni tupu, na hapo anaanza mambo mengine. Anachukua h na kuiongezea mguu wa tatu. Anachora duara na kulitia fimbo mbili juu. Anaandika ile J yake iliyogeuka, mara hii kwa makusudi, na kuiwekea kofia. Anampelekea mama yake jikoni.

“Mama, nimeandika nini hapa?”

“Wewe ndiye uliyeandika, mwanangu. Nisomee.”

“Sijui. Wewe ndiye unayejua kusoma.”

Marie Clay, mwalimu na mtafiti wa New Zealand, aliyakusanya maandishi ya watoto wa aina hii kwa miaka, na kitabu chake cha 1975 alikipa jina linalokaribia sana swali la Jamila: Niliandika Nini? Clay aliona kwamba mtoto akishazijua herufi kadhaa huanza kuzifanyia majaribio. Huongeza mstari, hupunguza mstari, hugeuza, kisha huuliza. Anatafuta mpaka. Anataka kujua ni umbali gani anaweza kuivuta h kabla haijaacha kuwa h, na akishavuka mpaka huo, je, amefika kwenye herufi nyingine ambayo watu wazima wanaijua? Hilo ni swali la kweli, maana Jamila hana namna ya kujua kwamba duara lenye fimbo mbili halimo katika orodha. Ameshaona kwamba n ikiongezewa mguu inakuwa m, na l ikikatwa kwa mstari inakuwa t. Kwa nini h isiongezwe mguu?

Siku zinazofuata, maumbo yanaanza kuwa maneno. Jamila anachora sisimizi na tembo, na chini ya kila mmoja anaandika jina. Tembo anapata alama saba kubwa. Sisimizi anapata tatu, ndogo, zimesongamana. Kaka yake aliye darasa la nne anacheka na kumwambia amekosea, neno sisimizi ndilo refu. Jamila anakasirika. Mdudu mdogo vile atapataje jina refu kuliko tembo?

Emilia Ferreiro na Ana Teberosky, waliofanya kazi yao na watoto wa Argentina na kuichapisha mwaka 1979, walikutana na wazo hili mara nyingi. Mtoto ambaye bado hajaambiwa kwamba maandishi hufuata sauti hudhani yanafuata kitu chenyewe, na kitu kikubwa kinastahili maandishi mengi. Waligundua pia kwamba watoto hujiwekea masharti mawili. La kwanza, neno liwe na alama za kutosha, mara nyingi tatu. Alama moja peke yake haisomeki. La pili, alama zisiwe za aina moja. Ukimwandikia mtoto huyo herufi ileile mara nne mfululizo, atakwambia hapo hapajaandikwa kitu.

Hapa nadhani mtoto wa Kiswahili anakutana na kizingiti chake mwenyewe, na katika hadithi hii ndicho kinachombadilisha Jamila. Darasani wanaimba ba, be, bi, bo, bu, kisha ka, ke, ki, ko, ku. Mwalimu anapiga makofi kwa kila silabi: ma-ma, makofi mawili, ku-ku, makofi mawili. Jioni, Jamila anataka kuandika kuku kwa herufi zake. Anapiga kofi moja na kuchora umbo. Anapiga la pili, na mkono unasita, kwa sababu sauti ni ileile. Akichora umbo jingine, atakuwa ameidanganya sauti. Akirudia lilelile, amevunja sharti lake kwamba alama zisifanane. Anarudia lilelile. Kisha anaandika mama, baba, dada, kaka, bibi, na kila mara alama moja inajirudia. Maneno ya nyumbani kwao karibu yote yanalivunja sharti, kwa hiyo sharti linaanguka. Tangu jioni hiyo maandishi yake hayafuati tena ukubwa wa tembo. Yanafuata mdomo.

Alama moja kwa kila silabi si wazo la kitoto. Sequoyah, Mcheroki wa Amerika ya Kaskazini ambaye hakujua kusoma Kiingereza, alilikamilisha wazo hilo mnamo 1821 kwa lugha yake, kwa alama zaidi ya themanini. Anasimuliwa kuwa mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake mdogo. Kule Liberia, Momolu Duwalu Bukele aliwatungia Wavai mwandiko wa silabi katika miaka ya 1830, na upo hadi leo.

Lakini Jamila anakwama mahali ambapo Kiswahili kinamkwamisha yeyote anayeandika kwa silabi. Ana alama ya ku na ya ka. Anahitaji ke, ki na ko. Hesabu kidogo inatosha kuonyesha ukubwa wa kazi: Kiswahili kina konsonanti kama ishirini na tano ukizihesabu kwa sauti, ch, sh na ny zikiwa miongoni mwao. Zidisha kwa irabu tano, ongeza irabu zenyewe, unapata alama 130, na bado hujaandika mba, ndo wala kwa. Mtoto wa miaka sita anaweza kutunga alama 130, ila hawezi kuzikumbuka kesho yake. Dalili inaonekana mapema: alama inayosomwa ko asubuhi inasomwa ke jioni.

Anayemtoa hapo ni bibi yake mzaa mama. Bibi alisoma chuoni utotoni, na barua alizoandikiana na dada yake wa Pemba zilikuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili wa pwani walivyoandika kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kilatini kuenea mashuleni. Jamila anamwamkia, anaketi miguuni pake na kumwonyesha jalada.

“Shikamoo, bibi. Tazama, maumbo yamenishinda kwa wingi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hebu nione. Mbona kila mmoja umemjengea nyumba yake? Tazama sisi tulivyofanya.”

Bibi anachora umbo moja kama kidau kilichotulia. Analitia nukta moja chini: be. Nukta mbili juu: te. Tatu juu: the. Kisha anaeleza kwamba Kiarabu hakina sauti ya p, na Waswahili wangeandikaje pwani, papa au Pemba? Wapo walioandika be tu wakamwachia msomaji akisie. Wengine walichukua njia ya Waajemi, kidau kilekile chenye nukta tatu chini: pe. Na irabu, Bibi anaonyesha, ni vijistari vinavyopanda juu ya herufi au kukaa chini yake. Herufi haibadiliki, kinachobadilika ni kijistari tu.

Jamila amezoea nukta kama njia ya kupitisha penseli, kitu kinachofunikwa na kusahauliwa. Sasa anaiona nukta ikibeba sauti. Anafuta jalada lote kwa raba hadi karatasi inachubuka na kuanza upya. K yake ni umbo moja tu. Likiwa na kimkia kulia ni ka, kushoto ni ki, chini ni ku. Vimkia vitano vinatosha konsonanti zote, na mzigo wa alama 130 unashuka hadi thelathini hivi. Kwa njia ya namna hiyohiyo Waethiopia wameandika kwa karne nyingi: herufi mama moja, na sura zake saba kwa irabu saba.

Halafu anafanya jambo ambalo herufi za shuleni hazikulifanya. Neno ng'ombe linaanza kwa sauti moja, lakini tunaiandika kwa alama tatu: n, g na kile kipandio cha juu ambacho watoto hukisahau, na watu wazima pia kwenye simu. Kipandio kikisahauliwa, sauti inabadilika na kuwa ile ya ngoma. Jamila anaipa sauti ile umbo lake moja, duara lenye pembe mbili. Lile duara la fimbo mbili la siku ya kwanza, ambalo halikuwa na maana yoyote, limepata kazi.

Kuna wanaodhani hadithi ya namna hii ni ndoto tu. Wasikie ya Guinea. Mwaka 1989, katika mji wa Nzérékoré, ndugu wawili Wafulani, Ibrahima Barry mwenye miaka 14 na Abdoulaye Barry mwenye miaka 10, walianza kujifungia chumbani baada ya shule. Baba yao alikuwa akiletewa barua na watu wamsomee, barua za Kifulani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zilimpa taabu kwa sababu Kifulani kina sauti ambazo Kiarabu hakina, na kila mwandishi alikuwa amejitafutia njia yake. Vijana wale waliamua kutunga herufi. Walifumba macho na kuchora mistari, wakafumbua, wakachagua maumbo yaliyowapendeza, wakayagawia sauti. Zilipatikana herufi 28, zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wakamfundisha dada yao, kisha watu wa sokoni, wakaandika vitabu vya kusomea kwa mkono. Mwandiko huo unaitwa Adlam, jina lililotokana na herufi zake nne za kwanza. Mwaka 2016 uliingizwa katika Unicode, mfumo unaoziwezesha kompyuta na simu kuonyesha maandishi ya dunia, na leo Wafulani wanautumia katika nchi kadhaa.

Kilichoyatenganisha maumbo ya akina Barry na michoro ya kawaida ni kwamba mtu wa pili aliweza kuyasoma. Kipimo hicho unaweza kukifanya nyumbani kwa dakika chache, na ndicho kinachofunga hadithi ya Jamila. Bibi anamtoa kaka nje, anamtajia Jamila neno ambalo hajawahi kuliandika, kunguru. Jamila anaandika kwa herufi zake. Kaka, ambaye amefundishwa maumbo yale siku mbili, anaitwa ndani. Anakodoa macho, anasoma ku, kisha anasita, kisha ngu, kisha anasema ruka. Jamila amesahau kutofautisha r yake na rk, alama mbili zilizobanana mwishoni kwa kimkia kilichozidi. Anachukua raba na kurekebisha. Mara ya pili kaka anasoma kunguru, na bibi anapiga makofi.

Na zile J? Wiki chache baadaye Jamila anaziandika sawasawa bila kuambiwa. Mtoto aliyelazimika kuamua kimkia kiende kulia kiwe ka au kushoto kiwe ki ameshajua kwamba katika maandishi upande ni sehemu ya herufi. Watoto wengi huliacha kosa hilo wenyewe wakiwa na miaka saba au minane. Likiendelea baada ya hapo, tena pamoja na taabu ya kuunganisha silabi na kukumbuka sauti, ndipo inafaa kumwona mwalimu mwenye ujuzi wa watoto wenye shida ya kusoma.

Kwa wazazi na walimu wa madarasa ya awali, ombi langu ni dogo. Mtoto akishafuatisha mstari mmoja au miwili ya vitone, funika ukurasa na mwambie aiandike herufi ileile kwenye karatasi tupu, nawe tazama mkono unaanzia wapi. Akikuletea maumbo usiyoyajua, weka kalamu nyekundu kando na umwombe akusomee. Kesho mletee umbo lilelile na umwombe alisome tena. Akilisoma vilevile, mtoto huyo ameshaelewa herufi ni nini, na zile ishirini na nne za Kiswahili hazitampa taabu.